Uzi: Afro na ukosi wa manyoya vinabaki na ukingo mweupe nikimhamishia msanii kwenye machweo ya Lamu

langoni_studio (Lamu)

Salaam aleikum wanajukwaa.

Nina kazi ya jalada la wimbo. Msanii ni kijana wa Malindi, ana afro kubwa, na alipigwa picha hukohuko kwao mbele ya ukuta wa chokaa, jua la alasiri likimpiga upande wa kulia. Juu ya hayo alivaa koti lenye ukosi wa manyoya ya rangi ya maziwa. Joto la Malindi na koti la manyoya msiniulize mimi, muulizeni yeye.

Anataka aonekane amesimama ufukoni hapa Lamu wakati wa magharibi. Picha ya mandhari ninayo, nimeipiga mwenyewe: jahazi limetweka tanga, mbingu ya juu imeshakuwa buluu nzito, na kwenye upeo bado kuna rangi ya chungwa.

Kwenye Photoshop nimetumia Select Subject, kisha nikaingia Select and Mask na kupitisha Refine Edge Brush kwenye nywele. Nikimtazama juu ya bakgraundi nyeupe ametoka safi kabisa. Nikimweka mbele ya mbingu yangu, kichwa chote kinazungukwa na weupe kama amemwagiwa unga, na ukosi wa koti umekatika mkavu, hauna hata unyoya mmoja uliotokeza. Mnafanyaje hapo?

katana_dizaini (Malindi)

Kaka hiyo ndogo. Rudi Select and Mask, weka Feather 2, Shift Edge ipeleke kwenye -30, weupe wote unaondoka. Mimi kazi zangu zote za mabango ya siasa nafanya hivyo.

Ukitaka safi zaidi tumia chaneli. Chukua chaneli ya buluu, siku zote ni ya buluu, ikoleze mpaka nywele ziwe nyeusi na ukuta uwe mweupe, geuza, umemaliza.

pwani_saiba

Mimi pia nina shida hiyohiyo. Watu wanakuja kupiga picha za pasipoti hapa kwangu na nywele zimesimama, nikizikata ili niweke bakgraundi nyeupe zinatoka na denge la ajabu. Kuna njia ya kulainisha nywele zilale kichwani kabla sijakata?

langoni_studio

@katana_dizaini nimejaribu Shift Edge. Weupe unapungua kweli, ila na afro nayo inapungua. Pale penye visongo vidogo vidogo panabaki duara laini, msanii anaonekana amepita kwa kinyozi.

@pwani_saiba wewe unaweka nyeupe juu ya nyeupe, ndugu yangu. Mimi natoka kwenye nyeupe kwenda gizani.

mzee_wa_lenzi (Malindi)

Waaleikum salaam. Kabla hatujafika mbali, hiyo picha ulitumiwa kwa njia gani? Kama ilikuja kama picha ya kawaida ya WhatsApp, mwombe aliyeipiga akutumie tena kama hati, au aipandishe mahali uichukue faili kamili. Picha ya WhatsApp hupunguzwa ukubwa, tena JPEG ya namna hiyo huhifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi huihifadhi kwa mafungu, pikseli nne zinagawana rangi moja. Kwenye shavu huoni tofauti. Kwenye unywele wenye upana wa pikseli moja au mbili, rangi ya ukuta imeshaingia ndani ya unywele kabla hujafungua Photoshop. Kuza mpaka 300% uangalie pembeni mwa nywele. Ukiona viraba vidogo vinavyocheza cheza, faili ni mbovu, na hakuna kitufe kitakachokuokoa.

Sasa hilo la Katana. Shift Edge na Feather zinafaa begani na kwenye mkono wa koti, maana ukingo wa pale ni mmoja na umenyooka, ukiusogeza ndani pikseli mbili hakuna anayejua. Unywele wote mzima ni pikseli mbili. Ukisogeza ukingo ndani kwa kiasi hicho umeufuta wote. Ndiyo maana amepita kwa kinyozi.

langoni_studio

Ilikuja kwa WhatsApp mzee. Nimeshamwandikia mpiga picha. Lakini kabla haijafika, huo weupe unatoka wapi? Maski yenyewe nikiitazama kwa Alt na kubofya, naiona nywele moja moja. Inaonekana nzuri.

mzee_wa_lenzi

Maski yako inaweza kuwa nzuri na weupe ukabaki palepale. Hilo ndilo watu wengi hawaelewi, wanashinda wakirekebisha maski siku nzima.

Chukua pikseli moja ya ukingoni, pale ambapo unywele umefunika nusu na ukuta umeonekana nusu. Tuseme mwanga wa nywele zake ni 30 na wa ukuta ni 240, kwa kipimo cha 0 mpaka 255. Kamera haiwezi kugawa pikseli, inachanganya:

```
0.5 x 30 + 0.5 x 240 = 135
```

Hiyo 135 si rangi ya nywele wala ya ukuta. Maski yako imefanya kazi sawasawa, imesema hapa ni nusu. Basi Photoshop inachukua nusu ya 135 na nusu ya mbingu yako, ambayo pale juu tuseme ni 60:

```
ulichopata:       0.5 x 135 + 0.5 x 60 = 97.5
ulichotakiwa:     0.5 x 30  + 0.5 x 60 = 45
```

Mbingu ni 60, nywele ni 30, na kati yao una kitu cha 97. Kinang'aa kuliko vyote viwili. Huo ndio unga wako. Maski inaamua kiasi gani cha pikseli kionekane, haigusi rangi iliyomo ndani ya pikseli, na ndani mle bado kuna chokaa ya Malindi. Juu ya bakgraundi nyeupe hukuiona kwa sababu chokaa juu ya nyeupe haionekani.

Kwa hiyo kazi ni mbili, tena zifanye mbalimbali. Kwanza maski, halafu rangi ya ukingo. Na mtu unayemkata mweke juu ya mandhari yake halisi tangu mwanzo, usimhukumu juu ya nyeupe wala juu ya vile viraba vya kijivu.

katana_dizaini

Sawa mzee, lakini Select and Mask ina Decontaminate Colors chini pale. Hiyo si ndiyo inaondoa rangi? Tiki moja tu.

mzee_wa_lenzi

Ndiyo hiyo, hapo umesema kweli. Inavuta rangi kutoka ndani ya nywele na kuipaka ukingoni. Kwa nywele ndefu zilizolala mara nyingi inatosha. Kwa afro angalia vile vitundu ambamo ukuta unaonekana katikati ya visongo. Humo mara nyingi inachanganyikiwa, inavuta rangi ya ukuta na kuipaka kwenye nywele, unapata madoa ya krimu. Na kwa kuwa inabadilisha pikseli zenyewe, toa matokeo kwa New Layer with Layer Mask ili ile leya ya awali ibaki salama.

Mimi rangi napaka kwa mkono. Leya mpya juu ya mtu, Alt+Ctrl+G ili isitoke nje ya maski yake, brashi laini, bonyeza Alt kuchukua rangi ya nywele kutoka ndani kidogo, sentimita moja hivi kwenye skrini, kisha pita ukingoni tu. Maski inaziachia nywele umbo lao na wewe unabadilisha rangi peke yake. Ile 135 inarudi kuwa 30, hesabu inatoka 45. Chukua rangi upya kila unaposogea, maana nywele zake upande wa jua ni za kahawia na upande wa kivuli zinakaribia nyeusi. Ukipaka rangi moja kichwa kizima itajulikana.

bi_rehema_kadi (Malindi)

Mimi natumia GIMP, sina Photoshop, na kazi yangu ni kadi za harusi na za watoto. Kuna mama aliniletea picha ya mwanawe amebeba paka mweupe mwenye mabaka ya kijivu, nyuma yao shuka nyeupe. Nilitumia Color to Alpha nikachagua nyeupe. Nywele za mtoto zilitoka vizuri ajabu, ukingo hauna weupe hata kidogo. Lakini paka alitoboka! Kifua chote unaona mandhari upande wa pili, na meno ya mtoto pia yameondoka. Hiyo ni ya namna gani?

mzee_wa_lenzi

Bi Rehema umeleta jambo zuri. Color to Alpha inafanya ile hesabu yangu kinyumenyume: unaiambia ukuta ni rangi hii, nayo inautoa ukuta ndani ya kila pikseli, inaongeza uwazi na kurudisha rangi kwa pamoja. Ndiyo maana ukingo wa nywele umekuwa safi. Lakini haijui lipi ni paka na lipi ni shuka. Kila penye weupe inapatoboa, hata katikati ya kifua.

Dawa yake ni leya mbili. Ile iliyotobolewa iache juu. Chini yake weka nakala ya picha ya awali yenye maski ya mwili peke yake, iliyokatwa ndani kidogo ya ukingo, isifike kwenye nywele zinazopepea. Ya chini inaziba matundu, ya juu inatoa nywele. Ukingo wa hiyo maski ya chini ulainishe kidogo ili mpaka wa leya mbili usionekane.

bi_rehema_kadi

Nimefanya sasa hivi. Meno yamerudi. Paka amerudi pia ila manyoya yake ya mgongoni, yale meupe kabisa, hayapo. Mgongo umenyooka.

mzee_wa_lenzi

Hayo hayatarudi. Manyoya meupe juu ya shuka nyeupe hayakuandikwa kwenye picha, au yameandikwa kwa tofauti ndogo mno. Itabidi uyachore. Langoni naye atakutana na hilo kwenye ukosi wa koti, nitalifikia.

langoni_studio

Faili kamili imefika. Tofauti ni kubwa, visongo naviona hadi ncha. Nimejaribu chaneli ya buluu kama alivyosema Katana na haikufanya kazi. Nywele ni nyeusi sawa, lakini ukuta nao umekuwa wa kijivu kizito, na nikikoleza, visongo vya pembeni vinaliwa na ukuta.

mzee_wa_lenzi

Kwa sababu ukuta wako ni wa chokaa na jua ni la alasiri. Mwanga wa saa hizo ni wa njano, na kitu cha njano kina buluu kidogo, ndiyo maana kwenye chaneli ya buluu ukuta unafifia. Chaneli ya buluu inapendwa kwa sababu watu wengi wanakata mtu mbele ya mbingu, au mbele ya ukuta mweupe ulio kivulini. Hapo ukuta una buluu nyingi na nywele za kahawia zina buluu kidogo, tofauti inakuwa kubwa. Kwako mambo yamegeuka.

Usikariri chaneli. Bonyeza Ctrl+3, Ctrl+4, Ctrl+5, utazame nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, uchague ile ambayo ukuta umeachana zaidi na nywele. Ctrl+2 inakurudisha kwenye rangi. Nakisia utachagua kijani, kwa sababu kwenye nyekundu nywele zilizopigwa na jua zitang'aa na kuusogelea ukuta.

Ukishachagua, nakili chaneli hiyo. Usiguse ya asili, utaharibu rangi za picha nzima. Kwenye nakala fungua Levels kwa Ctrl+L, vuta pembetatu nyeusi na nyeupe zikaribiane, lakini simama kabla ncha za nywele hazijawa nyeusi tititi au hazijapotea. Kijivu cha ncha ndicho unachokitafuta. Usikiue.

Palipobaki uchafu ukutani tumia Dodge Tool ikiwa kwenye Highlights, na ndani ya nywele tumia Burn Tool ikiwa kwenye Shadows, Exposure 15% hivi. Hapo ndipo utamu ulipo: Burn ya Shadows haigusi sana vitu vyeupe, kwa hiyo unaweza kupita juu ya visongo bila kuuchafua ukuta kati yake. Ukimaliza geuza kwa Ctrl+I, shika Ctrl ubofye kijipicha cha chaneli, rudi Ctrl+2, weka maski. Uso na koti vikate mbali kwa Pen Tool, kisha uunganishe. Chaneli ni ya nywele peke yake.

katana_dizaini

Kijani imekubali kwenye picha zangu pia, nimeangalia. Lakini mzee mbona unamzungusha? Kuna njia fupi. Nakala ya picha iweke Multiply juu ya mbingu. Nyeupe yote inapotea yenyewe, nywele nyeusi zinabaki, hakuna maski hakuna nini. Halafu uso na koti ndiyo uvikate.

mzee_wa_lenzi

Nayo ni njia ya kweli, na kwa nywele nyeusi mbele ya karatasi nyeupe naitumia mwenyewe. Ila Multiply inaipoteza nyeupe ya 255 tu. Ukuta wa Langoni ni wa krimu, kwa hiyo mbingu yote iliyo nyuma ya kichwa itapata krimu na giza, ataona umbo la ukuta limeganda hewani. Atalazimika kwanza kuupeleka ukuta mpaka 255 kwa Levels, na ukuta huo upande mmoja una jua, upande mwingine una kivuli, hautafika wote kwa pamoja bila kula nywele.

Shida ya pili ni kwamba Multiply haiwezi kung'arisha kitu. Huyu kijana ana nywele zilizoshika jua upande wa kulia. Zitazimika.

katana_dizaini

Zikizimika si ndiyo vizuri? Ni magharibi, kuna giza.

mzee_wa_lenzi

Hapana, hapo ndipo tunapoachana mimi na wewe. Mwanga wa machweo uko nyuma yake. Mtu aliyesimama na machweo nyuma, nywele zake za pembeni hushika mwanga, hasa afro kwa kuwa ina hewa ndani. Ukingo uliokolea weusi mtupu mbele ya anga la chungwa utamfichua kuwa amebandikwa, sawa na ule mweupe.

Langoni, ukishasafisha ukingo, nakili mandhari, itie ukungu kwa Gaussian Blur ya kutosha mpaka jahazi lisitambulike, iweke juu ya mtu kwa Alt+Ctrl+G, ibadilishe iwe Screen, kisha uifiche yote kwa maski nyeusi na kuifungua ukingoni tu kwa brashi laini, nguvu kidogo. Chungwa litaingia kwenye visongo vilivyo karibu na upeo, na juu kwenye buluu kutakuwa hakuna kitu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

langoni_studio

Hapo mzee umenishinda kidogo. Jua lake halisi limempiga kulia kwa mbele. Machweo yangu yako nyuma kushoto. Hata nikiweka hiyo chungwa ukingoni, shavu lake la kulia linang'aa na hakuna kinacholing'arisha.

mzee_wa_lenzi

Igeuze mandhari kushoto kwenda kulia kama hakuna maandishi kwenye jahazi.

langoni_studio

Watu wa Lamu watajua imegeuzwa. Wataanza na msikiti uko upande gani.

katana_dizaini

Mgeuze msanii basi.

langoni_studio

Ana kovu kwenye nyusi, mashabiki wanalijua. Nitalipunguza shavu kwa Curves nione.

Ukosi je? Nimejaribu chaneli zote tatu, manyoya ya maziwa na ukuta wa krimu ni kitu kimoja.

mzee_wa_lenzi

Ukosi uchore. Kata kwa Pen Tool ndani ya manyoya, pikseli nne au tano kutoka ukingoni, ili usibebe ukuta. Kisha ingia kwenye maski yenyewe, chukua Smudge Tool, brashi ya pikseli mbili tatu, Strength 75% hivi, na vuta kutoka ndani kwenda nje kufuata manyoya yanakoelekea. Kila mvuto mmoja ni unyoya mmoja. Fupisha huyu, refusha yule, wengine wapishane. Ukivuta yote kwa urefu mmoja utapata brashi ya kusugulia sakafu. Rangi hapo haikupi shida sana, kwa kuwa kilichoko nje ya ukingo ni krimu na manyoya ni krimu, ila lazima uipunguze nuru na kuisogeza kwenye buluu, maana hakuna manyoya meupe yanayobaki meupe magharibi.

Kama mpiga picha yuko tayari kurudia, hiyo ni bora kuliko yote. Atundike kitambaa cha kijivu cha kati, kijana asimame mita mbili mbele yake. Nywele nyeusi zitaonekana na manyoya meupe yataonekana. Kitambaa cha kijani nisingemshauri, manyoya meupe yanashika ukijani wote unaorudi kutoka kwenye kitambaa.

bi_rehema_kadi

Hiyo ya Smudge kwenye maski nimeijaribu kwa paka kwenye GIMP, inakubali. Mgongo sasa una manyoya. Mimi niliongeza kitu kimoja: mandhari yangu ilikuwa ya simu, imepigwa jioni, ina chembechembe nyingi, na paka alikuwa laini mno. Nilimwongezea chembechembe kidogo akatulia.

pwani_saiba

Na mimi wa pasipoti jamani?

bi_rehema_kadi

Wewe washa taa mbili zipige ukuta mweupe, usikate chochote.

langoni_studio

Ripoti. Kijani, Levels, Burn, kisha kupaka rangi ukingoni: juu ya kichwa na upande wa kulia sioni unga tena, hata nikiweka leya nyeusi chini yake. Ukosi umekubali. Mpiga picha hawezi kurudia, msanii ameshasafiri.

Kilichobaki ni nyuma ya sikio la kushoto. Pale ukuta ulikuwa kwenye kivuli cha kichwa chake mwenyewe, nywele na kivuli vimekuwa kitu kimoja kwenye kila chaneli. Nimepata doa zito lisilo na visongo.

katana_dizaini

Multiply.

mzee_wa_lenzi

Multiply itakihamisha kivuli pamoja na nywele, Katana. Langoni, chukua kishungi safi kutoka upande wa kulia pamoja na maski yake, kigeuze, kipunguze nuru, kipachike hapo juu ya doa. Kikikataa kukaa, tupia hapa kipande hicho cha sikio peke yake kikiwa 300%, pamoja na chaneli ya kijani kabla ya Levels, tukitazame.